Shaka ni ya Kipimo

Sadia Maalim alizaliwa Djibouti mwaka 1956, katika nyumba za wafanyakazi wa reli. Baba yake alikuwa akifunga mabehewa ya gari moshi la kwenda Addis Ababa, na kwa kuwa wakubwa wake waliruhusu watoto wa wafanyakazi wasome, Sadia akapelekwa shule ya Wafaransa kabla hajajua kusuka nywele zake mwenyewe. Alipotimiza miaka kumi na minane aliajiriwa kupiga chapa katika maabara ya hospitali. Kazi aliipenda. Mashine ilikuwa nzito, mwandiko wa madaktari mbaya, na majina ya magonjwa marefu kama treni za baba yake, lakini vidole vyake vilizoea.

Kosa lake kubwa alilifanya huko huko. Siku moja aliona neno la daktari limekaa vibaya, akalirekebisha kwa nia njema. Kumbe la daktari lilikuwa sahihi tangu mwanzo. Mgonjwa akapewa dawa isiyo yake kwa siku mbili kabla ya mtu kugundua. Hakufa, na Sadia hakufukuzwa, lakini tangu hapo aliogopa kutengeneza sentensi ya mtu mwingine kama aogopavyo kuingiza mkono kwenye shimo asilolijua.

Adow, mfanyabiashara wa mifugo, alimwoa akamleta Garsen, nchini Kenya. Sadia alipanga duka la vitambaa karibu na njia ya mnadani, akajifunza Kiswahili kwa wateja: cha Wapokomo waliotoka mashambani, cha Waorma waliotoka malishoni, cha madereva wa Malindi. Kiingereza hakikumkaa. Kifaransa kililala kifuani mwake zaidi ya miaka ishirini na mitano, na Adow alipofariki, hapakuwa na mtu mwingine mjini aliyejua kwamba anacho.

Aliyekiamsha ni Daktari Jotham Komora, mtoto wa kijiji cha Wema, mtafiti wa magonjwa ya mifugo. Aliingia dukani kununua kitambaa cha pazia, akamsikia mama huyu akihesabu mita kwa Kifaransa chini ya pumzi. Alisimama pale na mkoba wake begani kama mtu aliyeokota alichokuwa akikitafuta mwaka mzima.

Ilikuwa mwaka 2007, baada ya mafuriko makubwa. Maji yalileta mbu, mbu wakaleta homa ya Bonde la Ufa, ile inayoharibu mimba za mbuzi na kuua vitoto, na ikimshika binadamu inaweza kumzika. Mnada wa Garsen ulifungwa miezi mingi. Sasa ulikuwa umefunguliwa, na wafanyabiashara walitaka kupeleka mbuzi visiwani Komoro kupitia Mombasa. Kule Ngazija, kisiwa kikubwa cha Komoro, alikuwako mtafiti mwenzake Jotham, Daktari Moinaecha, aliyesoma kwa Kifaransa tangu chekechea hadi chuo kikuu. Kiingereza chake na Kifaransa cha Jotham vililingana: vyote viliishia kwenye salamu.

"Mama Sadia," Jotham alimwambia siku ya kwanza, "mimi nitaandika kwa Kiswahili. Vifupisho vya maabara nitaviacha vilivyo. Wewe utie Kifaransa."

Barua pepe ya kwanza Sadia aliipamba. Palipoandikwa ELISA, aliongeza kwamba hicho ni kipimo cha kutafuta kingamwili kwenye damu. Palipoandikwa IgM, aliongeza kwamba hiyo ni kingamwili ya mwanzo, inayoonyesha maambukizi ya karibuni. Palipoandikwa IgG, akaongeza kwamba hiyo hubaki mwilini muda mrefu baada ya ugonjwa kupita. Jotham alipoelezwa alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Mama, huyu amefundisha mambo haya wanafunzi wa chuo. Ukimweleza anachokijua, atajiuliza kwa nini ninamweleza. Ataanza kutafuta ninachokificha. Yeye anataka namba na neno lake. Basi."

Sadia alielewa upesi. Kwa miezi minne walifanya kazi hivyo bila tatizo. Halafu ikaja Alhamisi ile.

Siku hiyo Sadia aliingia saiba ya Darmi saa sita na nusu mchana. Darmi alikuwa binti wa Kiorma aliyerudi kutoka Malindi na kompyuta tatu, moja ikiwa imeharibika. Stima ilikuwa imekatika, jenereta linanguruma nyuma ya ukuta, na mtandao unakwenda kama punda aliyebeba mawe. Jotham alikuwa ameondoka asubuhi kwenda kuchukua damu za mbuzi upande wa Ndera, ila kabla ya kuondoka alituma barua yake. Moinaecha alikuwa na kikao saa kumi alasiri. Kwenye kikao hicho wangeamua makundi gani ya mbuzi wa Garsen yapokelewe. Malori yalipangwa kuondoka Ijumaa alfajiri.

Barua yenyewe ilikuwa hivi:

"Dkt. Moinaecha, salamu. Matokeo ya ELISA, mbuzi 60, Garsen, makundi A, B na C, 20 kila moja. Hawajachanjwa. IgG: chanya 11. IgM: chanya 0, shaka 2 (na. 47 na 52, kundi C). Mimba kuharibika: hakuna iliyoripotiwa. Jedwali limeambatishwa. Jotham."

Mistari hiyo tu. Sadia alianza kuandika. *Non vaccinés*, hawajachanjwa. *IgG: 11 positifs.* *IgM: 0 positif, 2…* Vidole vikaandika *suspects*, akaendelea hadi mwisho, akarudi kusoma tangu juu. Alipofika kwenye neno lile, vidole vikasimama.

Katika maabara ya zamani, *suspect* lilikuwa neno la mgonjwa. Mtu mwenye homa, mwenye dalili, anayedhaniwa ana ugonjwa fulani ingawa haujathibitishwa, huyo ndiye *suspect*. Mbuzi akiitwa hivyo, msomaji wa Ngazija atamwona mbuzi mgonjwa amelala kivulini. Lakini lilikuwapo neno jingine, *douteux*. Hilo lilikuwa la majibu yenyewe. Kipimo kikifika mahali ambapo hakisemi ndiyo wala hapana, fundi wa maabara aliandika *douteux*, akarudia kupima.

Kwa Kiswahili cha Jotham yote mawili yangeweza kuwa shaka. Ni shaka gani? Ya mbuzi, au ya kipimo?

Alikuwa bado anaitazama skrini mlango ulipofunikwa na mtu mrefu. Alikuwa Olow, mdogo wake marehemu Adow, shemeji yake, mwenye mbuzi ishirini wa kundi C.

"Shemeji, salaam aleikum. Nimeambiwa uko hapa. Majibu yametoka?"

"Waaleikum salaam. Majibu ni ya Daktari, Olow. Muulize Daktari."

"Daktari yuko porini, simu yake imezimwa." Olow alivuta stuli akaketi bila kukaribishwa, macho yakiwa kwenye skrini. Kifaransa hakukijua, lakini namba alizijua. "47. 52. Hao wangu. Hereni za njano. Wana nini?"

Sadia aliifunika skrini kwa ncha ya mtandio, lakini alikuwa amechelewa.

"Shemeji, niambie. Wana nini?"

"Daktari ameandika hakuna chanya hata mmoja katika kipimo cha ugonjwa mpya. Hawa wawili ameandika shaka."

Olow akapumua kwa nguvu. "Hakuna chanya! Basi andika hivyo na uishie hapo. Shaka ya nini? Mbuzi wangu wanakula, wanaruka, wanapandana. Shaka iko kichwani mwa watu wa maabara."

"Ameandika shaka, nitaandika shaka."

"Basi ongeza maneno. Mwambie mama wa kule kwamba mbuzi wana afya, wamekaguliwa, hawana homa. Maneno mawili matatu ya kumtuliza. Kuna ubaya gani?"

"Hayo Daktari hakuyaandika."

"Wewe ni mtu au mashine?" Sauti ya Olow ilipanda hadi Darmi akageuka. "Miezi mingapi mnada umefungwa? Nani aliyekaa nyumbani akitazama mbuzi wakikonda? Kaka yangu angekuwa hai, angekaa hapo akubali uharibu mzigo wa nyumba yake mwenyewe kwa neno moja?"

Jina la Adow lilimwingia Sadia kama mwiba. Alijua pia jambo ambalo Olow hakulijua, na hilo ndilo lililomtisha zaidi: neno *douteux* lilikuwa jepesi kuliko *suspect*. Lilikuwa ndilo neno alilodhani ni sahihi, na ndilo pia lililowafaa watu wake. Sasa angejuaje kama analichagua kwa sababu ni sahihi, au kwa sababu shemeji yake ameketi nyuma ya bega lake?

Alifungua jedwali lililoambatishwa. Lilichukua dakika saba kufunguka. Alitafuta 47, akaitafuta 52. Karibu na kila namba palikuwa na asilimia, na chini ya ukurasa Jotham alikuwa ameandika vizingiti viwili: chini ya hiki ni hasi, juu ya hiki ni chanya. Mbuzi wale wawili walikuwa katikati. Kwa hiyo shaka ilikuwa ya kipimo. Ilionekana hivyo. Lakini Sadia alikuwa mpiga chapa, hakuwa mtu wa maabara, na aliwahi siku moja kuona jambo limekaa hivi kumbe limekaa vile.

"Nipigie simu kwa Daktari," alimwambia Darmi.

Simu ya Jotham ilikuwa imezimwa, kama Olow alivyosema. Saa nane na robo. Darmi akafikiri, akasema, "Mjomba wangu Halkano ana boma karibu na walipoenda. Simu yake hushika netiweki akipanda kichuguu. Nijaribu?"

Walijaribu mara sita. Mara ya saba Halkano aliitika, sauti yake ikiwa mbali kama inatoka ndani ya mtungi. Darmi akasema naye Kiorma, haraka haraka. Halafu akakata simu. "Anamfuata. Anasema gari la Daktari ameliona upande wa kisimani. Tusubiri."

Wakasubiri. Olow alitoka nje, akarudi, akatoka tena. Jenereta lilikohoa mara moja, likashika tena. Sadia akachukua daftari akanakili barua yote kwa mkono, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, kompyuta ikizimika asianze upya. Mahali pa neno lile aliacha nafasi tupu. Saa tisa ikapita. Saa tisa na kumi.

Simu ikalia.

"Mama Sadia?" Jotham alikuwa akihema, na upepo ulikuwa ukipiga kwenye simu. "Kuna nini? Imekwenda?"

"Bado, Daktari. Nina swali moja, na nina jambo la kukiri. Nianze na swali. Umeandika shaka mbili. Shaka ni ya mbuzi, au ya kipimo?"

"Ya kipimo, mama. Ya kipimo! Mbuzi sijawaona na dalili yoyote. Kipimo kimekaa katikati, hakikuamua."

Sadia akafumba macho kidogo. "Sawa. Sasa la pili. Kundi C ni la Olow, shemeji yangu. Yuko hapa nyuma yangu. Ameniomba niandike mengine. Sikuandika. Lakini ni haki ujue. Ukitaka mtu mwingine aitafsiri, nitaifunga sasa hivi."

"Mtu mwingine nani, mama, hapa Garsen?" Jotham alisema. "Fanya hivi. Nisomee hicho Kifaransa chako, kwa Kiswahili, neno kwa neno. Usiangalie nilichoandika mimi. Angalia ulichoandika wewe."

Sadia akavuta daftari karibu na dirisha, akasoma polepole. Mbuzi sitini, makundi matatu. Hawajachanjwa. IgG chanya kumi na moja. IgM chanya sufuri, mbili kipimo hakikuamua.

"Sawa kabisa. Endelea."

"Mimba kuharibika: hakuna."

"Hapana."

Sadia alinyanyua kichwa. "Hapana?"

"Niliandika hakuna *iliyoripotiwa*. Mimi sikulala bomani, mama. Niliwauliza wenye mbuzi, wakasema hakuna. Hayo ni mambo mawili. Yeye ataelewa tofauti."

Sadia aliangalia daftari, akaangalia skrini. Kote kuwili aliandika *aucun avortement*, hakuna mimba iliyoharibika, akaishia hapo. Neno la pili lilikuwa limeanguka bila yeye kulisikia likianguka. Kwa zaidi ya saa mbili alikuwa amelinda mlango mmoja, na udanganyifu umepita mlango mwingine, tena udanganyifu wa kumfaa Olow kuliko wowote ambao Olow mwenyewe angeweza kuutunga.

"Nimeliacha, Daktari," alisema. "Sikukusudia."

"Najua. Litie, utume. Halkano anasema salio la—" Simu ikakatika.

Sadia akaandika *signalé*. Akaandika *douteux*. Akasoma barua nzima tena kwa sauti ndogo, kidole kikifuata kila neno kama mtoto wa madrasa. Nyuma yake Olow alisimama.

"Umeongeza neno," Olow alisema. "Nimeona. Umeongeza kwenye mstari wa mimba. Ni neno gani?"

"Iliyoripotiwa."

"Kwa hiyo sasa mimi ni mwongo?"

"Daktari ameandika kwamba mliulizwa, mkajibu. Ndivyo ilivyokuwa, au sivyo?"

Olow alimtazama. Palikuwa na kitu katika macho yake ambacho Sadia hakutaka kukisoma. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ndivyo ilivyokuwa," akatoka.

Sadia akabonyeza kutuma saa tisa na dakika arobaini na moja. Ule mstari mwembamba wa kompyuta ukajaa nusu, ukasimama. Darmi akainuka, akasimama kando yake, wakawa kama watu wanaotazama sufuria ya maziwa. Ukasogea, ukasimama tena, ukajaa. *Ujumbe umetumwa.* Darmi akapiga kofi moja. Sadia akalifunga daftari.

Jibu lilirudi karibu saa kumi na moja. Moinaecha naye hakuwa mtu wa maneno mengi. Makundi A na B yamekubaliwa. Kundi C: 47 na 52 wapimwe tena, damu ya pili ichukuliwe baada ya siku ishirini na moja, kundi lote libaki Garsen hadi hapo. Alimshukuru mwenzake kwa jedwali.

Sadia angeweza kumtuma Darmi. Hakumtuma. Alifunga mtandio, akatembea mwenyewe hadi uwanja wa mnada, ambako wapakizi walikuwa wakitengeneza mbao za kupandishia mbuzi garini. Akampata Olow akihesabu hereni za njano.

"A na B wanakwenda," alisema. "Wako wanabaki wiki tatu. Wanapimwa tena."

Olow hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. Aliweka mkono juu ya mgongo wa mbuzi aliyekuwa karibu, akasema, "Kwa herufi zako chache," akageuka kuwaambia wapakizi washushe mbao zake.

Wiki tatu zile zilikuwa ndefu. Dahabo, mke wa Olow, alipita mbele ya duka bila kuangalia ndani. Ijumaa mbili mfululizo Olow hakuja kunywa chai kama alivyozoea tangu kaka yake afariki. Usingizi wa Sadia ukawa mwepesi. Alijiuliza kama wale mbuzi wangekutwa wagonjwa angefarijika, na wazo hilo lilimwaibisha, maana hakuna mtu mwema anayeombea mbuzi wa shemeji yake homa.

Siku ya ishirini na mbili Jotham aliingia dukani na karatasi mkononi. Safari hii alikuwa tayari kuandika "kipimo hakikuamua" mwenyewe, ila haikuhitajika. Namba 47: IgM hasi, IgG hasi. Namba 52: IgM hasi, IgG hasi. Sadia akatafsiri mistari minne, akamsomea Jotham kwa Kiswahili neno kwa neno, wakatuma. Kundi C likakubaliwa, lakini meli ilikuwa imekwenda, na nyingine ilisubiriwa mwezi mzima.

Olow alikuja jioni ile. Hakuketi.

"Walikuwa wazima," alisema. "Nilikuambia tangu mwanzo."

"Uliniambia."

"Kwa hiyo nilikuwa sahihi."

"Kuhusu mbuzi ulikuwa sahihi, shemeji." Sadia aliweka mkasi chini. "Lakini siku ile hukujua. Wala mimi, wala Daktari. Na mama wa Ngazija alikuwa anauliza tunajua nini."

Olow aliguna. Alishika ncha ya kitambaa cha bluu kilichokuwa mezani, akaisugua kati ya vidole kana kwamba anataka kununua.

"Ule mstari wa mimba," alisema mwishowe. "Daktari alipouliza, nilimjibu kwa kuwa nilitaka kuondoka. Sikwenda kuangalia. Huenda hakuna. Lakini sikwenda kuangalia."

Sadia alichukua birika, akammiminia chai, akasukuma kikombe hadi upande wake wa meza. Olow akavuta stuli kwa mguu.